Mzani unasema 168, bili inasema 300

Nilikaa miaka kadhaa kwenye meza ya bei kwa wakala mmoja wa mizigo hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu na meseji za wafanyabiashara, wengi wao wa Kariakoo, waliotaka kujua mzigo wao wa Guangzhou utawagharimu kiasi gani kwa ndege. Swali lilikuwa lilelile kila siku: "Kilo dola ngapi?" Nami nilikuwa nalijibu kwa swali: "Mzigo wenyewe una ukubwa gani?" Wapo waliokasirika. Mtu ameuliza bei ya kilo, anaulizwa urefu na upana, anaona anazungushwa.

Siwalaumu. Aliyezoea kupeleka gunia la mchele kwa basi anajua gunia linapimwa, linalipiwa, basi. Kwenye ndege kuna kilo za aina mbili. Za kwanza ni zile za mzani, uzito halisi wa mzigo pamoja na boksi lake. Za pili hazipo kwenye mzani wowote, zinatoka kwenye futi kamba: unapima urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, unazidisha vyote, unagawanya kwa 6000. Jibu ndilo uzito wa ujazo. Kisha unalinganisha namba hizo mbili, na ile kubwa ndiyo kilo za kulipia.

Hiyo 6000 ni kipimo cha IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, na maana yake ni kwamba kila sentimita za ujazo 6000, yaani lita 6 za nafasi, zinahesabiwa kama kilo moja. Ndoo ya lita 20, hata ikiwa tupu, kwenye ndege inalipiwa zaidi ya kilo tatu. Mita moja nzima ya ujazo, ile wanayoiita CBM, inahesabiwa kilo 166.67. Boksi lako likiwa na uzito mdogo kuliko huo kwa kila CBM, utalipia nafasi. Likiwa zito zaidi, utalipia mzani.

Ukitaka kujua kwa nini mashirika yanafanya hivyo, chukua ndege ya mizigo ya Air Tanzania, ile Boeing 767-300F iliyopokelewa Juni 2023. Inabeba tani 54, na nafasi yake ya mizigo ni kama mita za ujazo 438. Ijaze mikoba ya kina mama hadi mlango ugome kufungwa, bado utakuwa na tani nyingi ulizoziacha bila kuziuza. Ijaze vitasa vya milango, tani 54 zitatimia wakati sehemu kubwa ya ndege bado ni tupu. Mwenye ndege anauza vitu viwili kwa wakati mmoja, nguvu ya kunyanyua na nafasi, na hajui mteja wa leo atamaliza kipi kwanza. Kwa hiyo anamtoza kila mmoja kwa kile anachokimaliza zaidi.

Nimetaja mikoba na vitasa kwa sababu ndio mzigo ulionifundisha kuliko semina yoyote niliyopelekwa. Bei nitakazozitaja nimezigeuza kidogo zisimuumbue mtu, lakini hesabu ni zilezile.

Mama mmoja mwenye duka la mikoba Kariakoo alinitumia picha ya karatasi yenye orodha ya mzigo kutoka kwa muuzaji wake. Katoni 12. Kila katoni ilikuwa na alama tatu, kama kawaida ya katoni za Uchina: G.W. 14 KGS, N.W. 12 KGS, MEAS 60 x 50 x 45 CM. Ukiona alama hizi, uzito unaoutaka ni ule wa G.W., yaani bidhaa pamoja na katoni. N.W. ni bidhaa peke yake, na wapo wauzaji wanaomtumia mteja namba hiyo kwa sababu inapendeza zaidi.

Mzani, basi, ulisema 14 mara 12, kilo 168. Futi kamba ikasema hivi:

```
60 x 50 x 45 x 12 / 6000 = 270
```

Nikamwambia, "Mama, mzigo wako ni kilo 270."

"Mwanangu, karatasi si unaiona? Kumi na nne mara kumi na mbili."

"Naiona mama. Hizo ni za mzani. Ndege inakudai za nafasi."

Kimya kidogo, halafu akasema neno ambalo nimelisikia kwa wengi: "Kwa hiyo nalipia hewa." Ndiyo, analipia hewa, na mkoba ni kitu cha hewa kuliko vingi. Viwandani hujazwa karatasi ndani ili usipoteze umbo, kisha hupangwa kwenye katoni ukiwa umevimba hivyohivyo. Nilimuuliza kama muuzaji anaweza kutoa zile karatasi na kuilaza mikoba. Akakataa papo hapo. Mkoba ukifika na mkunjo usoni, hakuna anayeununua kwa bei yake. Alikuwa sahihi, na nilijifunza kutomshauri mtu apunguze ujazo kabla ya kumuuliza bidhaa yenyewe inavumilia nini. Nguo za mtumba unaweza kuzibana kwa mashine mpaka ziwe kama tofali. Mikoba, taa, vyombo vya plastiki na midoli haibaniki hivyo.

Sasa bei. Hapa ndipo watu wengi, hata wenzangu wa kazini, huishia kuzidisha kilo 270 kwa bei ya kilo na kutuma jibu. Lakini mashirika ya ndege hayana bei moja ya kilo. Yana ngazi. Kuna kiwango cha chini kabisa ambacho hulipi chini yake hata ukituma bahasha. Kuna bei ya kawaida kwa mizigo isiyofika kilo 45. Kisha bei inashuka kila unapovuka ngazi: 45, 100, 300, 500, 1000. Si kila njia ina ngazi zote, lakini mpangilio ni huo. Siku ile, kwa njia ile, kuanzia kilo 100 bei ilikuwa dola 6.20, na kuanzia 300 ilikuwa dola 5.40.

Kilo 270 kwa dola 6.20 ni dola 1,674. Kilo 300 kwa dola 5.40 ni dola 1,620. Ukilipia kilo 30 ambazo huna, unaokoa dola 54. Hii si ujanja wa wakala wala si kosa la hesabu. Kanuni za kupanga bei zinakuruhusu kupanda ngazi na kulipia uzito wake wa chini kabisa, mradi jumla itoke ndogo. Kwenye AWB, ile hati ya mzigo wa ndege, utaona uzito halisi 168 na uzito wa kulipia 300, na asiyejua atadhani ameibiwa. Mama naye alidhani hivyo. Nililazimika kumwandikia hesabu mbili moja juu ya nyingine kwenye karatasi, nikaipiga picha na kumtumia.

Ukiigawanya ile 1,620 kwa 6.20 unapata 261 na ushee. Maana yake ni kwamba mzigo wowote ulio kati ya kilo 261.5 na 300, kwa bei zile, unagharimu sawasawa. Jambo hili lilinibadilishia kazi. Kabla ya hapo nilikuwa nikihimiza wateja wapunguze ujazo kila mara, kana kwamba kila kilo inayopungua ni pesa. Siyo. Mama angehangaika na muuzaji wake mpaka ujazo ushuke kutoka 270 hadi 262, asingeokoa hata senti. Kwa upande mwingine, kutoka 270 kwenda 300 alikuwa na kilo 30 za kulipia ambazo tayari amezilipia na ndani yake hakuna kitu.

Nafasi hiyo ya bure inaweza kutumika kwa namna ya kushangaza. Chukua jukwaa la mbao la kupangia mizigo, lile ambalo godauni wanaliita paleti. Katoni za mama zingepangwa juu ya paleti ya sentimita 120 kwa 100, nne kila safu, safu tatu kwenda juu. Kimo cha katoni ni 135, ongeza 15 za paleti yenyewe, unapata 150. Ukikokotoa 120 mara 100 mara 150, ukagawanya kwa 6000, jibu ni 300 kamili. Kwa mzigo mwingine, paleti ingekuwa imemwongezea mteja kilo 30. Kwa huu wa mama, ingekuwa bure, na mikoba yake ingepakiwa bila katoni kutupwatupwa moja moja. Hatukuitumia, kwa sababu ambayo itaonekana sasa hivi.

Wakati tunaendelea kubishana kuhusu hewa, mama akataja kwa kupita kwamba mumewe ana duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa Gerezani, na kuna vitasa vya milango amelipia hukohuko Guangzhou, boksi sita. Alikuwa ameshauliza kwa wakala mwingine, akaambiwa kilo 150. Nikamwomba vipimo. Kila boksi sentimita 30 kwa 30 kwa 25, kilo 25. Vyuma vitupu. Ujazo wa boksi zote sita ukigawanywa kwa 6000 ni kilo 22.5 tu, lakini mzani unasema 150. Vikisafiri peke yake, ngazi yake ni ile ya kilo 100, dola 6.20, jumla dola 930.

Wengi wa nje ya kazi hii hawajui kwamba uzito wa ujazo na uzito halisi havilinganishwi boksi kwa boksi. Vinalinganishwa kwa mzigo mzima ulio kwenye AWB moja. Unajumlisha ujazo wote, unaugawanya kwa 6000. Unajumlisha kilo zote za mzani. Halafu ndipo unachukua kubwa. Kwa hiyo:

```
ujazo:  270 + 22.5 = 292.5
mzani:  168 + 150  = 318
```

Kubwa ni 318. Mara 5.40, dola 1,717.20. Mikoba peke yake ilikuwa 1,620. Vitasa kilo 150 vinapanda ndege kwa nyongeza ya dola 97.20, badala ya 930. Hewa ya mikoba, ambayo mama aliilalamikia asubuhi nzima, imekaliwa na vyuma vya mumewe, na ndiyo maana paleti haikuwa na nafasi tena.

Hapo akacheka. "Kumbe baba watoto ndiye atakayekula hewa yangu." Tukakubaliana atamtoza mumewe nauli, wakagawane nyumbani.

Lakini hesabu hii ina masharti, na nimeona watu wakiisikia nusu wakaenda kujiumiza nayo. Mzigo lazima uwe wa mtumaji mmoja na mpokeaji mmoja kwenye hati, uingie godauni pamoja, uruke pamoja na utolewe forodhani pamoja. Kama vitasa ni vya mumewe kwa jina lake na namba yake ya mlipakodi, na mikoba ni ya mkewe kwa jina lake, huwezi kuvichanganya kwenye AWB moja kisha ukategemea nyaraka zikae sawa. Kwa bahati duka la Gerezani na la Kariakoo yalikuwa chini ya biashara moja. Sharti la pili ni muda. Vitasa vikichelewa, mikoba inasubiri, na godauni la Guangzhou halilazi mzigo bure siku zote. Ndiyo maana kila nilipotoa bei ya kuchanganya, niliandika bei mbili: hii ni ya pamoja, hii ni ya mikoba ikiondoka peke yake, na bei ya pamoja inakufa ikifika tarehe fulani boksi za vitasa hazijaingia.

Vitasa vilichelewa kweli, ila si sana. Kilichotusumbua kilikuwa kingine.

Mzigo ulipoingia godauni la wenzetu kule Guangzhou ukapimwa upya, kama inavyofanyika kwa kila mzigo. Bei inayotolewa kwa kutumia karatasi ya muuzaji ni bei ya karatasi. Anayeamua ni yule kijana mwenye futi kamba godauni, na baada yake wahudumu wa uwanja wa ndege wenye mzani wao. Kijana akatuma picha. Katoni za mikoba zilikuwa zimevimba. Muuzaji alizijaza mpaka zikafanya kitambi, na katoni yenye kitambi inapimwa pale penye kitambi, siyo pembeni kwenye kona ambako bado ni 60 kwa 50 kwa 45. Kipimo ni cha sehemu ndefu kuliko zote, pana kuliko zote na iliyoinuka kuliko zote. Alikuwa ameegemeza kipande cha ubao bapa kwenye tumbo la katoni, akavuta futi kamba kutoka kwenye ubao mpaka upande wa pili, akapiga picha namba ikionekana. Sentimita 62 kwa 52 kwa 47.

Sentimita mbili kila upande. Kwa macho hazionekani. Lakini kwa katoni 12, ujazo wa mikoba uliruka kutoka kilo 270 hadi 303.06, na kwa kuwa kilo za kulipia huzungushwa kwenda juu hadi nusu kilo inayofuata, ni 303.5. Zaidi ya kilo 33 zimeongezwa na kitambi. Watu huwa hawaamini mpaka uwaonyeshe kwamba nyongeza inaingia kwenye vipimo vitatu vinavyozidishwa: kosa dogo kwenye urefu, upana na kimo linakutana na wenzake.

Ukiweka vitasa, ujazo wa jumla ukawa kilo 325.56, tukaandika 326. Mzani bado 318. Sasa ujazo ndio mkubwa, na bili ikawa dola 1,760.40. Ilipanda dola 43.20 juu ya ile niliyompa. Angekuwa ametuma mikoba na vitasa mbalimbali, pigo la kitambi lingekuwa dogo zaidi, maana mikoba ilikuwa tayari inalipiwa kilo 300, lakini jumla ingekuwa zaidi ya dola 2,500. Nilimtumia zile picha za futi kamba kabla ya bili. Kupandisha bei bila picha ni kutafuta ugomvi. Kwa picha, mteja anajua aende kumlalamikia nani. Alimpigia muuzaji wake, na mzigo uliofuata ulikuja na kamba za plastiki zimezungushwa kila katoni, tumbo limebanwa.

Kitambi ni kimoja tu kati ya vitu vinavyoharibu bei ya karatasi. Muuzaji wa Marekani anatuma vipimo kwa inchi bila kuandika kwamba ni inchi, na boksi la 24 kwa 20 kwa 18 linaonekana dogo kama la viatu. Ukigundua ni inchi, gawanya kwa 366 badala ya 6000, utapata kilo. Namna ya kushtuka ni kulinganisha na mzani. Boksi la sentimita 24 kwa 20 kwa 18 lina lita 8 na kidogo. Likidaiwa kuwa na nguo za kilo 20, hapo pana uongo, maana hakuna nguo nzito hivyo. Mwingine anatuma vipimo vya bidhaa yenyewe, kwa sababu ndivyo vilivyoandikwa kwenye tangazo la kuuza, na feni ya sentimita 40 inafika ndani ya katoni ya 55 yenye sponji pande zote. Swali langu la kuzuia hili lilikuwa fupi: "Hivi ni vipimo vya nini, cha kitu au cha boksi lililofungwa?" Mteja asiyejua alikuwa anaomba picha kwa muuzaji, na picha ilimaliza mjadala.

Vitu vya mviringo vinaumiza zaidi. Zulia lililokunjwa, tairi, bomba, pipa, vyote vinapimwa kana kwamba vipo ndani ya boksi. Zulia lenye kipenyo cha sentimita 30 linahesabiwa 30 kwa 30 kwa urefu wake, na zile kona nne zisizokuwepo unazilipia. Jamaa mmoja aliwahi kunishikilia nikokotoe kwa hesabu ya mduara aliyofundishwa shuleni. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, na shirika la ndege halikuijali.

Kuna jambo la 5000 pia. Kampuni za vifurushi, zile zinazokuletea mlangoni, kwa kawaida hazigawanyi kwa 6000 bali kwa 5000. Mikoba ya mama kwa kipimo hicho, kabla ya kitambi, ni kilo 324 badala ya 270. Kwa hiyo ukiwa na bei mbili mezani, moja ya dola 6 ya kampuni ya vifurushi na nyingine ya dola 6.20 ya mzigo wa kawaida, usikimbilie ile ya dola 6. Kwa mzigo wa hewa, bei ya 5000 izidishe kwa 1.2 kwanza ndipo uilinganishe, ukikumbuka vilevile kwamba ya vifurushi huenda ina huduma ya mlangoni ambayo nyingine haina. Kwa vitasa tofauti hiyo haipo, kwa sababu mzani ndio unaoamua, utagawanya kwa lolote.

Na wale wanaosema "sisi hatuhesabu ujazo, kilo ni kilo"? Wapo, na si lazima wawe matapeli. Hao ni wakusanyaji. Wanachukua mizigo ya watu wengi, wanaipandisha kwa AWB moja kubwa kwa jina lao, na ndani yake wanafanya kile nilichomfanyia mama na mumewe: mikoba ya huyu inakaliwa na vitasa vya yule. Faida yao nzuri inatoka hapo. Kila mteja analipia kilo zake kivyake, lakini wao wanalipia shirika jumla iliyochanganywa, ambayo ni ndogo. Mwenye vyuma akilipishwa mzani, na mwenye mikoba akilipishwa kilo ya bei ya juu kidogo, wanaobaki na hewa ya mikoba ni wao. Sioni ubaya, ni biashara, na wamebeba hatari ya wiki ambayo wateja wote wataleta midoli na mito. Wiki hizo ndizo utakaposikia kwamba mzigo wako "umebaki safari hii, utapanda ijayo". Kama mzigo wako ni mwepisi sana, mkusanyaji asiyehesabu ujazo anaweza kuwa nafuu kwako kuliko bei yoyote ya ngazi. Kama ni vyuma, unawafadhili wenzako.

Kitu cha mwisho nilichokuwa nakiuliza kabla ya kutuma bei ni tozo za pembeni: mafuta, ulinzi, kupitisha mzigo kwenye mashine ya ukaguzi. Hizi nazo hutozwa kwa kilo, na mashirika hayafanani. Moja linatoza kwa kilo za mzani, jingine kwa kilo za kulipia. Kwa vitasa haileti tofauti. Kwa mikoba ya mama peke yake, tozo ya dola 0.90 ingekuwa dola 151.20 kwa kilo za mzani, au dola 270 kwa kilo 300 za kulipia. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile tuliyoipata kwa kupanda ngazi. Nikiiacha, mteja anaweza kuchagua shirika lenye bei ndogo ya kilo akalipa zaidi.

Mwishoni, jibu nililokuwa namtumia mteja halikuwa tena namba moja. Lilikuwa meseji ya mistari michache ambayo wenzangu waliiona ndefu mno:

```
Katoni 12, 62x52x47, kilo 14. Boksi 6, 30x30x25, kilo 25.
Mzani 318. Ujazo 325.56 (/6000). Kulipia 326.
Bei 5.40 x 326 = 1,760.40. Tozo: kwa kilo za kulipia.
Vipimo vikibadilika godauni, tunatuma picha, bei inakokotolewa upya.
```

Mama wa mikoba aliihifadhi kwenye simu yake. Mwezi uliofuata alinitumia mzigo mpya ukiwa umeshaandikwa kwa mpangilio huohuo, ila mstari wa vitasa haukuwepo. Chini yake aliandika: "Baba watoto hana mzigo wiki hii. Una mtu mwenye vyuma?" Nikamjibu kwamba wapo, ila AWB moja haiwezi kubeba majina mawili, na bei ya mikoba peke yake ni hii hapa.